Picha Isiyoenea Kwenye Kumbukumbu: Jinsi Tekscha Pepe Inavyofanya Kazi

Mchezo wa video wa Rage, uliotolewa na kampuni ya id Software ya Texas mwezi Oktoba 2011, unachezwa katika jangwa lenye magenge, magofu na mabanda ya mabati yaliyoshika kutu. Michezo mingi ya wakati ule ilitumia picha moja ya tofali au ya mchanga na kuirudia mara nyingi mpaka ukuta mzima au bonde zima likajaa. Wasanii wa Rage walifanya kinyume: kila jiwe na kila ubao uliweza kupakwa rangi yake peke yake, doa la mafuta likawekwa hapa na lisionekane tena popote. Ili hilo liwezekane, wahandisi wa kampuni hiyo, John Carmack na J.M.P. van Waveren miongoni mwao, walitumia mbinu inayoitwa tekscha pepe.

Tekscha ni picha inayovikwa juu ya umbo la pande tatu ili lionekane lina rangi na mikwaruzo. Nukta zake huitwa tekseli, na hutofautishwa na pikseli, ambazo ni nukta za kioo cha kompyuta. Tekscha ya ulimwengu mzima wa mchezo, ikiwa kila sehemu imepakwa peke yake, inaweza kufika tekseli 131,072 kwa kila upande. Hizo ni tekseli zaidi ya bilioni 17. Kila moja ikichukua baiti 4, picha nzima ni GB 64, na Xbox 360, mojawapo ya mashine zilizouziwa mchezo huo, ilikuwa na MB 512 tu za kumbukumbu kwa ajili ya kila kitu: picha, sauti, maumbo na programu yenyewe.

Njia ya kutokea iko kwenye kioo. Kioo cha pikseli 1,280 kwa 720 kina pikseli 921,600, na pikseli moja haihitaji kuonyesha zaidi ya tekseli chache. Ulimwengu uwe mkubwa kiasi gani, jicho la mchezaji kwa dakika yoyote ile linaona sehemu ndogo mno ya ile picha. Kinachotakiwa ni kuijua sehemu hiyo, kuileta kutoka kwenye diski kwa wakati, na kuipanga kwenye kumbukumbu ya kadi ya michoro bila mchoraji kujua kwamba sehemu nyingine zote hazipo.

Wazo la kugawa kitu kikubwa katika kurasa na kuziita zinapohitajika si geni. Kompyuta ya Atlas ya Chuo Kikuu cha Manchester, iliyozinduliwa mwaka 1962, tayari ilikuwa ikihamisha kurasa kati ya kumbukumbu kuu na ngoma ya sumaku bila mwandishi wa programu kujishughulisha, na mifumo yote mikubwa ya uendeshaji ya leo imerithi jambo hilo. Tofauti na tekscha pepe ni moja, lakini ndiyo inayoamua karibu kila kitu kinachofuata. Mfumo wa uendeshaji ukikuta ukurasa haupo, huisimamisha programu mpaka ukurasa ufike. Mchezo unaochora fremu 60 kwa sekunde una milisekunde 16.7 za kumaliza kila fremu, kwa hiyo hauwezi kumsubiri mtu. Ukurasa unaotakiwa usipokuwepo, lazima kiwepo kitu kingine cha kuonyesha papo hapo.

Kitu hicho hupatikana kwa sababu ya desturi ya zamani ya michoro ya kompyuta: kila tekscha huhifadhiwa katika ngazi kadhaa, kila ngazi ikiwa nusu ya upana na nusu ya urefu wa ile iliyotangulia. Ngazi ya 0 ina undani wote, na zinazofuata hupungua ukali. Jabali lililo mbali huchorwa kwa ngazi ya juu yenye tekseli chache, maana kutumia undani wote kungefanya picha imetemete. Tekscha ikikatwa katika kurasa za tekseli 128 kwa 128, ngazi ya 0 huwa na kurasa 1,024 kwa kila upande, ngazi ya 1 kurasa 512, na kuendelea hadi ngazi ya 10 yenye ukurasa mmoja tu unaoonyesha ulimwengu mzima kwa ukungu. Jumla ni kurasa 1,398,101. Kila ukurasa una mzazi mmoja katika ngazi inayofuata, na mzazi huyo ameonyesha eneo lilelile la mtoto pamoja na ndugu zake watatu, kwa ukali pungufu. Mtoto akikosekana, mzazi hushika nafasi yake. Mzazi naye akikosekana, hushika babu. Ukurasa wa ngazi ya 10 haufutwi kamwe, kwa hiyo daima kuna jibu.

Kurasa zilizokwisha kufika hukaa katika tekscha moja halisi iliyomo kwenye kadi ya michoro, ambayo hapa itaitwa kache. Kache ya tekseli 4,096 kwa 4,096 ina nafasi 32 kwa 32, yaani kurasa 1,024 kati ya zile milioni moja na ushee. Zimepangwa bila mfuatano wowote: ukurasa wa paa la banda unaweza kuwa jirani wa ukurasa wa mchanga ulio kilomita moja kutoka hapo. Ujirani huo una madhara yake. Kadi ya michoro inaposoma tekseli huchanganya na zilizo kando yake ili kulainisha picha, na penye ukingo wa ukurasa ingevuta rangi ya mchanga kuiingiza kwenye paa. Dalili yake ni mistari myembamba ya miraba inayoonekana juu ya kuta. Ndiyo maana kila ukurasa hubeba pambizo ya tekseli 4 kila upande, nakala ya kile kilichomo kwenye jirani zake halali, na sehemu inayotumika kweli hubaki tekseli 120 kwa 120. Gharama yake si ndogo: karibu asilimia 12 ya kila ukurasa hupotea, na ile tekscha ya tekseli 131,072 kwa kweli huwa na 122,880 zinazoonekana.

Kinachounganisha picha pepe na kache ni jedwali la kurasa. Nalo pia ni tekscha, ndogo, yenye ngazi 11, ambamo kila tekseli inasimama badala ya ukurasa mmoja. Ndani yake hamna rangi, bali namba tatu: safu na mstari wa nafasi katika kache, na ngazi ya ukurasa uliopo kwenye nafasi hiyo. Sheda, yaani programu fupi inayoamua rangi ya kila pikseli, husoma kwanza jedwali, ndipo iende kwenye kache. Kazi yote ya kutafsiri anwani inaingia katika mistari minne:

```glsl
vec3 k = textureLod(jedwali, uv, ngazi).xyz; // safu, mstari, ngazi iliyopo
float n = exp2(10.0 - k.z);                  // kurasa kwa upande
vec2 ndani = fract(uv * n);                  // mahali ndani ya ukurasa
vec2 p = (k.xy * 128.0 + 4.0 + ndani * 120.0) / 4096.0;
```

Jedwali lazima lisomwe bila kulainishwa, kwa kuwa wastani wa nafasi ya 7 na nafasi ya 22 hauna maana yoyote.

Mfano mmoja ukifuatwa hatua kwa hatua unaonyesha jinsi mzazi anavyoshika nafasi ya mtoto. Pikseli iliyo kwenye ukuta inahitaji ngazi ya 2, ambayo ina kurasa 256 kwa upande, na nukta yake imeangukia ukurasa wa safu ya 150, mstari wa 97: katikati ya upana wake na robo ya urefu wake. Ukurasa huo haujafika. Mzazi wake katika ngazi ya 3 ni (75, 48), babu ni (37, 24), na wa ngazi ya 5 ni (18, 12), maana kila hatua hugawa kwa mbili na kutupa baki. Wa ngazi ya 5 tu ndiye aliyemo kwenye kache, safu ya 7, mstari wa 19. Kwa hiyo jedwali, likiulizwa kuhusu ukurasa (150, 97) wa ngazi ya 2, hujibu: 7, 19, ngazi 5. Sheda inaona kwamba ngazi ya 5 ina kurasa 32 kwa upande, inapata kwamba nukta yake iko 0.8125 ya upana wa ukurasa na 0.15625 ya urefu, na inasoma kache kwenye tekseli 997.5 kwa 2,454.75. Mchezaji anaona ukuta, ila tekseli moja imetandazwa penye tekseli 64. Baada ya muda ukurasa halisi unafika na kuwekwa safu ya 22, mstari wa 3. Jedwali linabadilishwa, sheda ileile inafanya hesabu ileile, na sasa inasoma tekseli 2,880 kwa 418. Ukuta umekaza bila sheda kuwa na sharti hata moja la “kama ukurasa haupo”.

Jedwali haliwezi kujua lenyewe ni kurasa zipi zitatakiwa. Hapo ndipo inapoingia duru ya mrejesho. Kabla au baada ya kuchora fremu, eneo lote linaloonekana huchorwa tena kwenye picha ndogo, kwa mfano pikseli 160 kwa 90, na badala ya rangi kila pikseli huandikwa ombi: safu ya ukurasa, mstari wake, ngazi, na tekscha inayohusika. Kwa kurasa 1,024 kwa upande, biti 10 za safu, 10 za mstari, 4 za ngazi na 8 za namba ya tekscha zinatosha kabisa baiti 4 za pikseli ya kawaida. Picha yote ya maombi ni baiti 57,600, kiasi ambacho prosesa inaweza kukisoma kwa haraka. Uzuri wa njia hii ni kwamba hakuna anayekisia. Ukuta uliofichwa nyuma ya ukuta mwingine hauombi kitu, kwa kuwa haukuchorwa. Ngazi inayoombwa ni ileile ambayo kadi ya michoro ingeichagua kwa pembe na umbali huo.

Kwa ile picha ndogo, hata hivyo, kuna mtego unaowanasa wengi wanaoijenga mbinu hii kwa mara ya kwanza. Kadi ya michoro huchagua ngazi kwa kupima tekseli ngapi zinarukwa kati ya pikseli moja na inayofuata. Picha ya mrejesho ikiwa finyu mara 8, pikseli zake zinaruka tekseli mara 8 zaidi, na kadi inaamini kwamba kila kitu kiko mbali mara 8. Itaomba ngazi 3 juu ya inayostahili. Dawa ni kutoa 3 katika hesabu ya ngazi ndani ya sheda ya mrejesho. Ikisahauliwa, dalili ni ya kipekee: mchezo mzima una ukungu, ukungu hauondoki hata kamera ikisimama, na wakati huohuo kache iko nusu tupu.

Tatizo la pili la picha ndogo ni kwamba kitu chembamba, kama waya au ubao wa mbali, kinaweza kupita katikati ya sampuli bila kugongwa. Kwa hiyo sampuli huhamishwa kidogo kila fremu ndani ya mraba wa pikseli 8 kwa 8, na baada ya fremu 64, sekunde moja hivi, kila pikseli ya kioo imepata zamu yake. Ujanja huohuo husaidia penye vioo vya dirisha. Pikseli moja ya mrejesho hubeba ombi moja tu, na mbele ya dirisha kuna tekscha mbili, ya kioo na ya chumba kilicho nyuma yake. Pikseli hugawana: nyingine huombea kioo, nyingine chumba.

Prosesa ikishapokea maombi 14,400 huyakusanya, huondoa yanayorudiwa na kuhesabu kila ukurasa umeombwa na pikseli ngapi. Mara nyingi hubaki mamia machache. Kwa kinadharia kioo cha pikseli 921,600 kingetosheka na kurasa 64, lakini kurasa nyingi huonekana kona tu, na kila umbo lina kingo zake. Kila ukurasa ulioombwa huongezewa wazazi wake, na foleni hupangwa ili ngazi zenye ukungu zitangulie. Sababu ni kwamba ukurasa mmoja wa ngazi ya 5 hufunika eneo la kurasa 64 za ngazi ya 2. Ukifika mapema, ukuta mzima unaacha kuwa rangi moja iliyovurugika. Kisha kwa kila fremu huruhusiwa kurasa chache tu kupakiwa, ili wimbi la maombi lisikwamishe mchezo.

Safari ya ukurasa kutoka kwenye diski ndiyo sehemu ya polepole kuliko zote. Kichwa cha diski ya sumaku huchukua takriban milisekunde 10 kuhamia mahali papya, kwa hiyo kurasa 100 zilizotawanyika ni sekunde nzima ya kusubiri, na DVD ni nzito zaidi. Faili la tekscha kwa hiyo hupangwa kwa makusudi, kurasa zinazoonekana pamoja zikikaa pamoja na wazazi wao. Katika id Tech 5, injini iliyoendesha Rage, kurasa ziliwekwa kwenye diski kwa mgandamizo wa aina ya JPEG, mdogo sana lakini usiosomeka na kadi ya michoro. Nyuzi kadhaa za prosesa ziliufungua na kuufunga upya papo hapo katika mgandamizo wa DXT, ambao kadi inausoma moja kwa moja kwa vipande vya tekseli 4 kwa 4. Pambizo ya tekseli 4 haikuchaguliwa ovyo: ni kipande kimoja kamili. Kwa namna nyepesi ya DXT, ukurasa unashuka kutoka KB 64 hadi KB 8, na kache nzima kutoka MB 64 hadi MB 8.

Kache ikijaa, ukurasa ambao haujaombwa kwa muda mrefu kuliko wote hutolewa. Hapa mpangilio wa hatua ni jambo la kuzingatia. Kwanza jedwali huelekezwa kwa mzazi, ndipo nafasi iandikwe upya. Na ukurasa mpya ukiingia, data hutangulia na jedwali hufuata. Mwandishi wa programu akigeuza mpangilio huo, kwa fremu moja ukuta utavaa majani au kutu ya gari, kisha utajirudi. Wanaolinda mpangilio huu pia hulazimika kuandika sehemu kubwa ya jedwali: kuingia kwa ukurasa mmoja wa ngazi ya 5 kunagusa vizazi vyake vyote, hadi viingizo 1,024 katika ngazi ya 0, isipokuwa vile ambavyo tayari vina ukurasa mkali zaidi.

Hali mbaya kuliko zote ni kache kuzidiwa. Eneo lenye vitu vingi likihitaji kurasa 1,100 na nafasi zikiwa 1,024, kila ukurasa unaoingia unamtoa mwingine ambaye bado anatakiwa, naye ataombwa tena fremu inayofuata. Diski haipumziki, na picha inapwita, ikikaza na kufifia mahali tofauti hata kamera ikiwa imetulia. Tofauti na ule ukungu wa mrejesho, hapa kache imejaa pomoni na hesabu ya kurasa zinazotolewa haishuki. Injini nzuri huliona hilo mapema na kupandisha ngazi kidogo kwa maombi yote. Ngazi moja juu hupunguza mahitaji kufika karibu robo, na mchezaji anapata ukungu mdogo uliotulia badala ya picha inayotapatapa.

Kuchelewa hakuondoki kwa ujanja wowote. Mrejesho husomwa fremu moja au mbili baada ya kuchorwa, kwa kuwa kuulazimisha mapema kungeifanya prosesa imsubiri mwenzake. Kisha kuna diski, kufungua mgandamizo, na foleni. Mtu anayetembea haoni kitu. Anayegeuka nyuma ghafla anaukuta ulimwengu mpya ambao hakuna aliyeuombea ukurasa. Rage ilipotoka, wachezaji wa kompyuta walilalamika hasa juu ya jambo hilo, kuta zikija na ukungu na kukaza machoni pao, ingawa sehemu ya tatizo ilikuwa katika programu za kuendeshea kadi za michoro, na marekebisho yalifuata siku chache baadaye.

Watengenezaji wa kadi nao waliingia. Mwaka 2013 Direct3D 11.2 na kiongezi cha OpenGL kiitwacho `GL_ARB_sparse_texture` viliruhusu tekscha yenye mashimo, ambamo kadi yenyewe hutunza jedwali kwa vipande vya KB 64. Pambizo haihitajiki tena, na ulainishaji wa picha hufanywa na mashine. Lakini tekscha moja bado ilikuwa na kikomo cha tekseli 16,384 kwa upande, na kubadilisha jedwali hupitia mfumo wa uendeshaji, kwa gharama. Ndiyo maana injini nyingi zimeendelea na jedwali la kuandikwa kwa mkono.

Kilichobadilika zaidi ni chanzo cha kurasa. Picha iliyopakwa yote peke yake hujaza diski. Rage ya Xbox 360 ilikuja kwenye DVD tatu. Battlefield 3, ya mwaka huohuo wa 2011, ilitumia tekscha pepe kwa ardhi yake bila kuwa na faili kubwa kama hilo. Ukurasa ukiombwa, kadi ya michoro yenyewe huuchora ndani ya nafasi yake kwa kuchanganya mchanga, majani, barabara na nyayo za magari kutoka kwenye tekscha ndogo zinazojirudia, kisha huutumia kwa fremu mamia bila kuchanganya upya. Unreal Engine ilipata njia ya namna hiyo katika toleo la 4.23 la mwaka 2019. Jedwali ni lilelile. Tatizo jipya ni mabadiliko: bomu likichimba shimo barabarani, kurasa zote za eneo hilo, katika kila ngazi iliyomo kwenye kache, zimekwisha kuwa uongo, na lazima zichorwe upya. Zikiachwa, shimo huonekana kwa aliye karibu na kutoweka anapolisogea mbali, kwa sababu ukurasa wa mzazi bado una barabara nzima.